Mahali pa Mkazo: Ritifaa, Silabi na Unukuzi wa Kiswahili

Mkazo wa maneno ya Kiswahili ulielezwa kwa kanuni kabla ya kuwekewa alama. Edward Steere, katika mwongozo wake wa lugha uliotoka mwaka 1870, alionyesha kuwa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni hiyo ilitosheleza maneno mengi, na tahajia iliyosanifiwa kuanzia mwaka 1930 haikuuandika mkazo. Walimu walipotaka kutofautisha njia ya magari na neno lenye maana ya sawasawa, waliazima ritifaa: bara'bara na ba'rabara.

Hata hivyo, ritifaa ilikuwa na kazi nyingine. Katika ng'ombe, alama hiyo ni sehemu ya tahajia: huonyesha kuwa nazali haifuatwi na [g]. Mwanafunzi anayeidhania kuwa ni mkazo huikata silabi ya kwanza mahali pasipo na mpaka.

Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, iliyotolewa mwaka 1888 na chama kilichoasisiwa Paris mwaka 1886, inazitenga kazi hizo. Katika unukuzi wa sasa, sauti ya ng' ina alama yake, [ŋ], nao mkazo huonyeshwa kwa kistari cha wima kilichoinuliwa mbele ya silabi. Kwa hiyo ng'ombe ni [ˈŋombe], na ngoma ni [ˈŋgoma].

Kwa kuwa kistari hutangulia silabi, hakiwezi kuwekwa kabla ya kujua silabi inaanzia wapi. Utambuzi wa sauti, basi, hutangulia uwekaji wa mkazo. Jambo hili hudhihirika katika mbuzi na mbu, maneno yanayoanza kwa herufi zilezile. Mbuzi ina silabi mbili, mbu-zi. Nazali na [b] huanza silabi moja, na unukuzi wake ni [ˈmbuzi]. Mbu nayo ina silabi mbili, m-bu. Nazali yenyewe ni silabi, hivyo huwekewa kistari kidogo chini yake: [ˈm̩bu].

Makosa mawili hutokea hapa. Anayeandika [ˈmbu] amebakiwa na silabi moja, na silabi ya pili kutoka mwisho haipo tena. Anayeandika [m̩ˈbu] amehesabu silabi sawasawa, lakini ameupeleka mkazo kwenye irabu kwa kudhani kuwa konsonanti haiwezi kuubeba. Nge, [ˈŋ̩ge], huonyesha kuwa inaweza.

Kwa barabara, kuhesabu silabi hakutoshi. Njia ni [baraˈbara], kulingana na kanuni. Sawasawa ni [baˈrabara], kinyume chake. Sauti na mipaka ya silabi ni zilezile katika maneno yote mawili. Mahali pa kistari hujulikana kwa kusikiliza matamshi peke yake.