Pikseli moto na chenga katika picha za usiku

Pikseli moto ni nukta nyekundu, buluu au nyeupe zinazojitokeza kwenye picha shata ikiachwa wazi kwa muda mrefu. Husababishwa na umeme mdogo unaovuja ndani ya kihisi cha kamera, na joto huuongeza: takribani maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Kwa hiyo usiku wa joto Mwanza huzaa nukta nyingi kuliko usiku wa baridi.

Mpiga picha anayesimama karibu na Jiwe la Bismarck jijini humo, usiku usio na mwezi, huweza kuzidhania kuwa taa za wavuvi wa dagaa. Njia ya kuzitambua ni kulinganisha picha mbili: taa ya mtumbwi husogea, pikseli moto hubaki palepale.

Kipengele cha "Long exposure NR" huzitoa. Baada ya picha ya dakika 4, kamera hufunga shata, hupiga nyingine ya giza kwa dakika 4, kisha huondoa nukta zinazofanana. Chenga za kubahatisha, zinazobadilika kila picha, hazitoki. Kwa hakika huongezeka kidogo.

Kitumike kwa picha moja moja. Kwa mfululizo wa kuunganisha mikondo ya nyota kizimwe, maana kusubiri huacha mapengo. Badala yake, mwishoni zipigwe picha kadhaa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa ISO na muda uleule, kabla kamera haijapoa, kisha zitumiwe kwenye kompyuta kuondoa pikseli moto.