WiFi ya bure stendi na guesti: VPN inakulinda wapi, na wapi haikulindi

Umetoka Kitanga au Kibondo, umefika Kasulu mjini jioni na bando limekata. Simu inakuonyesha WiFi ya guesti, haina alama ya kufuli. Unabonyeza, unaingia. Ushauri unaosikika kila mahali ni mmoja: "Weka VPN, utakuwa salama." Ushauri huo una ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayoliza watu.

WiFi ya wazi haifungi kabisa mawasiliano kati ya simu yako na ruta. Yeyote aliye karibu, mwenye kompyuta na programu inayopatikana bure, anaweza kuyanasa kama mtu anayesikiliza redio. WiFi yenye paswedi iliyobandikwa ukutani mapokezi haina tofauti kubwa. Kwenye ruta nyingi, mtu mwenye paswedi ileile anaweza kufungua mawasiliano ya wenzake akiyanasa tangu simu zao zinapoungana.

Zamani hilo lilikuwa balaa. Mwaka 2010 ilitoka programu ndogo ya kuongeza kwenye Firefox, inaitwa Firesheep. Ukiwa kwenye WiFi ya wazi, ilikuorodheshea watu waliokuwa wameingia Facebook, ukabonyeza jina na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila kujua paswedi yake. Iliwezekana kwa sababu tovuti nyingi zilifunga kwa siri ule ukurasa wa paswedi tu, kisha yaliyofuata yakapita wazi.

Kelele zile zilisaidia kusukuma tovuti zihamie https moja kwa moja, na Facebook iliifanya kuwa ya kawaida kwa watumiaji wote mwaka 2013. WhatsApp nayo tangu 2016 inafunga ujumbe kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Kwa hiyo leo jirani yako pale guesti, au mwenye ruta, kwa kawaida anaona bahasha lakini barua haioni. Anajua umewasiliana na benki fulani saa 2 usiku. Salio lako halioni.

VPN inafanya nini hasa

Bahasha hiyo ndiyo VPN inayoificha. Ukiiwasha, simu inachimba njia ya siri hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN, tuseme iko Nairobi au Amsterdam, na kila kitu kinapita humo. Mwenye WiFi anaona jambo moja tu: simu hii inaongea na seva ile. Majina ya tovuti hayaoni tena. Pia hawezi kukupotosha njiani kwa kukupa anwani ya uongo ya tovuti uliyoiandika.

Ila mawasiliano yakishafika kwenye seva yanatoka na kuendelea na safari yake kama kawaida. Maana yake, vile ambavyo mwenye guesti angeviona, sasa anaviona mwenye VPN. Hujaondoa jicho, umelihamisha tu.

Na jicho hilo linaweza kuwa baya kuliko la mwenye guesti. Onavo Protect ilikuwa VPN ya bure ya Facebook, ikinadiwa kuwa inalinda taarifa za mtumiaji. Kumbe ilikuwa inakusanya habari za programu ambazo watu wanazitumia, ili Facebook iwajue washindani wake. Iliondolewa kwenye App Store mwaka 2018. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni tanzu mbili za Meta zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kutowaambia watumiaji ukweli wa kutosha. Kuendesha seva kunagharimu hela kila mwezi, kwa hiyo VPN ya bure isiyoeleza hela hiyo inatoka wapi, mimi nisingeiweka.

Mtego unaokuja kabla ya VPN

Australia hiyohiyo ndiko kuna kesi inayofundisha zaidi. Aprili 2024 wafanyakazi wa shirika la ndege waligundua WiFi ya ajabu ndani ya ndege, yenye jina linalofanana na la kweli. Polisi walimkamata abiria aliyekuwa na kifaa kidogo kinachorusha WiFi pacha. Ukiungana nacho, ulifunguliwa ukurasa unaokutaka uingie kwa barua pepe au akaunti yako ya mtandao wa kijamii. Watu waliandika paswedi zao wenyewe, kwa mikono yao.

Hapo VPN isingesaidia. Ukurasa wa namna hiyo unatokea kabla hujapata intaneti, na VPN bila intaneti haiwezi kuwaka. Hata ingekuwa imewaka, paswedi unayoiandika kwenye ukurasa wa tapeli inafika kwa tapeli, ikiwa imefungwa vizuri njia nzima.

Kutambua si kazi ngumu. Guesti au mgahawa unaweza kukuomba namba ya vocha, namba ya chumba, pengine namba ya simu. Hauna sababu ya kukuomba paswedi ya Gmail au Facebook, wala PIN ya aina yoyote. Ukiona hivyo, toka. Kisha ingia kwenye orodha ya WiFi na ubonyeze "Forget", la sivyo simu itaungana yenyewe kila ikikutana na jina lile. Na kivinjari kikikuandikia "Your connection is not private" kwenye tovuti ya benki, usilazimishe kuendelea.

Na hela ya kwenye simu?

Menyu za nyota na reli, kama `*150*00#` ya M-Pesa, hazipiti kwenye WiFi hata kidogo. Zinapita kwenye minara ya kampuni ya simu, ndiyo maana zinafanya kazi hata kwenye kitochi. WiFi mbovu haizigusi, na VPN haizilindi. Meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" nayo iko vilevile, pamoja na anayepiga akijifanya huduma kwa wateja na kukuomba namba ya uthibitisho. Wizi mwingi unaotuumiza huku uko upande huu, na VPN haina kazi hapo.

Wengi waliiweka VPN simuni baada ya X kuzuiwa nchini Mei 2025. Huko inafanya kazi kwa sababu intaneti yenyewe ipo, imefungwa tovuti moja tu. Intaneti ilipozimwa kuanzia Oktoba 29 mwaka huohuo, VPN haikuwa na njia ya kupita. Kuna sheria pia: Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kutaka watumiaji wa VPN wajisajili hadi Oktoba 30, ikinukuu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zenye adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Kama unayo na unaitumia kwenye WiFi ya wazi, kuna jambo moja la kuangalia. VPN hukatika kimyakimya mtandao ukiyumba, na simu inaendelea bila ulinzi. Kwenye Android nyingi, alama ndogo ya ufunguo juu ya skrini ikipotea ujue imekatika. Ndani ya mipangilio ya VPN kuna "Always-on VPN" na "Block connections without VPN". Ukiwasha zote mbili, simu haitatoa karibu kitu chochote nje ya njia ile, ila ukurasa wa kuingilia wa guesti nao huenda usifunguke hadi uizime ile ya pili kwa muda, uingize vocha, kisha uiwashe tena.