Kwa nini watu wanalipa ili waone moto? Jibu kutoka filme ya Gojira

Jumapili moja jioni, katika kartiye moja ya Goma, vijana walijaa ndani ya kibanda cha sinema. Filme iliyokuwa inapita ni Dante's Peak, ya Wamarekani, ya mwaka wa 1997. Ndani yake volkano inalipuka juu ya mji mdogo, barabara zinapasuka na watu wanakimbia na watoto mikononi. Vijana walikuwa wanapiga kelele, wanacheka, wanamwonyesha dereva wa kwenye filme njia ya kupita. Mama mmoja mhami alikuja mlangoni kumtafuta mtoto wake. Aliangalia kidogo, akaweka mkono kinywani, kisha akaniuliza: "Mwandishi, hawa watoto wanalipa pesa ili waone nini? Kama wanapenda habari za kukimbia, si waje watuulize sisi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Wapenzi wasomaji na wasikilizaji, leo nataka kumjibu mama yule, na jibu lenyewe linatoka mbali, katika nchi ya Japani.

Lakini kwanza tujue kwamba swali lake ni la zamani sana. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, mshairi mmoja wa Roma, Lucretius, aliandika juu ya mtu anayesimama ufukoni na kuangalia wenzake wanapigwa na dhoruba baharini. Alisema kwamba mtu yule anapata raha fulani. Si kwa sababu anafurahia mateso yao, bali kwa sababu anaona ubaya ambao yeye mwenyewe ameepuka.

Mwaka wa 1757, Edmund Burke, mzaliwa wa Ayalandi, aliendelea na swali hilo hilo. Miaka miwili nyuma, tetemeko la ardhi lilikuwa limebomoa mji wa Lisboni kule Ureno, na Ulaya nzima ilikuwa bado inazungumza juu yake. Burke alieleza kwamba hatari ikiwa karibu sana inaleta uchungu tu, lakini ikiwa na umbali kidogo inaweza kuleta aina ya raha. Alitoa mfano wa Londoni: hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka mji ule uanguke, lakini ukianguka, watu wengi watatoka kila upande kuja kuangalia mabomoko yake.

Basi neno kubwa hapa ni umbali. Kiti cha sinema ni umbali unaouzwa. Ukilipa, unakaa gizani, moto unakuja mpaka usoni pako, lakini haukuunguzi. Moyo unapiga mbio kama wa mtu anayekimbia, na miguu imetulia. Filme ikiisha, unasimama na kwenda nyumbani, na nyumba bado iko.

Maelezo hayo yanafaa kwa mtu ambaye hajawahi kuunguzwa. Je, yule aliyekimbia moto wa kweli? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa akili ya kawaida, mtu kama huyo hawezi kununua tiketi. Lakini katika Japani ya mwaka wa 1954, walinunua kwa mamilioni.

Tukumbuke walikuwa wametoka wapi. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo, na watu karibu laki moja wakafa kwa usiku mmoja. Mwezi wa nane mwaka huo huo, mabomu ya atomu yakaanguka Hiroshima na Nagasaki. Kisha, mpaka mwaka wa 1952, Japani ilikuwa chini ya majeshi yaliyoishinda, na habari na picha za madhara ya mabomu yale zilichunguzwa na kuzuiwa. Watu walizika wafu wao, wakajenga nyumba, wakanyamaza.

Halafu likaja jambo la tarehe 1 Machi 1954. Wamarekani walijaribu bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Mashua moja ya wavuvi Wajapani 23 ilikuwa inavua mbali na pale. Wavuvi waliona mwanga mkubwa, kisha majivu meupe yakaanza kuwaangukia kichwani na juu ya samaki wao. Waliporudi nyumbani walikuwa wagonjwa, na mwezi wa tisa mmoja wao akafa. Nchi nzima ikashikwa na hofu.

Tarehe 3 Novemba mwaka huo huo, kampuni ya sinema ya Toho ikatoa filme Gojira, iliyoongozwa na Honda Ishiro. Honda alikuwa askari wa zamani. Aliporudi kutoka vitani alipita Hiroshima na kuona kwa macho yake kilichobaki. Hadithi yake ni ya mnyama mkubwa wa zamani aliyeamshwa na majaribio ya mabomu baharini, ambaye anatoka majini na kuichoma Tokyo kwa pumzi yake.

Mnyama mwenyewe alikuwa mtu ndani ya vazi zito la mpira, akikanyaga nyumba ndogo zilizojengwa kwa mfano wa mji. Walipiga picha kwa mwendo wa haraka, kisha wakazionyesha kwa mwendo wa kawaida, ili kila hatua ionekane nzito na ya polepole. Ngurumo yake ilitoka kwenye nyuzi za ala kubwa ya muziki, zilizosuguliwa kwa glovu ya ngozi.

Lakini angalia mambo yanayozunguka mnyama huyo. Filme inaanza na mabaharia wanapumzika juu ya meli, mmoja anapiga gitaa. Mara mwanga unatoka baharini na meli inawaka. Kila mtu aliyekaa kwenye kiti alijua ni wavuvi gani wanaosemwa. Baadaye, ndani ya treni, mwanamke mmoja anasema kwamba aliponea chupuchupu Nagasaki, na sasa jambo hili tena. Mwanaume aliye karibu naye analalamika kwamba itabidi kuhama tena. Na Tokyo inapowaka, mama mmoja amejikunja chini ya ukuta na watoto wake, anawaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Hasemi zaidi. Watu waliomwangalia walielewa kwamba baba amekufa.

Waandishi kadhaa wa magazeti walikasirika. Walisema kampuni inafanya biashara na maumivu ya watu. Ndiyo maneno yale yale ya mama yangu wa mlangoni. Hata hivyo tiketi zaidi ya milioni 9 ziliuzwa, katika nchi ambayo wakaaji wengi walikuwa na mtu wa kumlilia.

Kwa nini? Mimi naona mambo mawili. La kwanza ni wakati. Tangu moto wa Tokyo ilikuwa imepita miaka tisa, na miaka nayo ni umbali. La pili ni yule mnyama. Hakuna aliyeweza kwenda sinema kuangalia ndege za kweli zikiunguza mtaa wake. Lakini mnyama wa mpira kila mtu anajua si wa kweli. Nyuma ya mnyama huyo, mtu aliweza kulia gizani, karibu na jirani anayelia pia, bila kuulizwa na mtu analia nini. Kwake yeye, kiti hakikuwa cha kumwambia "wewe uko salama, wenzako wanaumia." Kilimwambia: "yale uliyoyaona, na wengine waliyaona."

Ushahidi mzuri ni safari ya filme ile kwenda Marekani. Mwaka wa 1956 walitoa toleo lao, fupi zaidi. Walikata sehemu nyingi, pamoja na maneno ya Nagasaki ndani ya treni, na wakaongeza mwandishi wa habari Mmarekani, aliyechezwa na Raymond Burr. Mtu huyo alikuwa anapita Tokyo tu, akielekea Kairo. Anaangalia maangamizi kutoka dirishani, anayasimulia, anaumizwa lakini anapona. Yaani kwa watazamaji waliokaa mbali, walitafuta mtu wa kuangalia badala yao. Moto ni ule ule, lakini sasa unaonekana kwa macho ya mpita njia. Ni yule mtu wa Lucretius, amesimama ufukoni.

Umbali ukikosekana, raha nayo haipo. Tarehe 11 Machi 2011 bahari ilipanda juu ya miji ya kaskazini-mashariki mwa Japani na kuua maelfu. Siku zile, filme moja ya Clint Eastwood, Hereafter, ilikuwa inaonyeshwa nchini humo, na ndani yake kuna wimbi kubwa kama lile. Baada ya siku chache tu waliiondoa kwenye sinema. Filme haikuwa imebadilika hata kidogo. Watu waliokaa kwenye viti ndio walikuwa wamebadilika.

Sasa turudi kwetu. Wengi wa vijana wale wa kibanda cha sinema hawakuwa wamezaliwa tarehe 17 Januari 2002, wakati Nyiragongo iliposhusha moto mpaka katikati ya Goma na kuacha maelfu na maelfu bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi, wengi wao walikimbia usiku, lakini wamerudi na wanahesabu miaka. Wanapocheka, hawamcheki mama. Wanajipima. Wanaangalia kama wao wangepita njia gani, na wanafurahi kwamba safari hii hawahitaji kukimbia.

Mama yeye hajapata umbali huo. Vita iliyomtoa kijijini haijaisha, na mlango anaosimama si mlango wake. Kumwambia "keti, ni filme tu" ni kumuuzia kiti ambacho hakipo. Na mtoto wake ni hivyo hivyo. Mtoto anayecheka, anayeuliza nani atapona, huyo amekaa mbali na moto. Lakini anayenyamaza kabisa, anayeziba masikio au kutafuta mlango kwa macho, huyo yuko ndani ya moto. Mtoeni nje, bila kumwita mwoga.

Jioni ile mtoto alitoka, mama akamshika mkono. Walipofika barabarani nilimsikia mtoto anamsimulia jinsi bibi mmoja wa kwenye filme alivyokataa kuacha nyumba yake iliyo mlimani. Mama akatembea kidogo bila kusema. Kisha akamuuliza: "Na mwishowe, walimchukua?"