Sabuni ya maji ikiwa nyepesi, usikimbilie chumvi

Dada yangu hutengeneza sabuni ya maji kwake Kisauni, akawauzia majirani na duka moja la mtaani. Majuzi mwenye duka alimrudishia jerikani nne za lita tano. Sabuni ilikuwa nyepesi kama chai ya rangi, na wateja walikuwa wanalalamika.

Vipimo vyake ni vile vile vya siku zote: kilo mbili za ungeroli (ule ute mzito unaouzwa kwenye maduka ya kemikali), kilo moja ya chumvi, na maji ya kufikisha lita 20. Kilichobadilika ni maji. Mfereji ulikuwa umekatika, akateka ya kisima, na kisima chetu kina munyu. Alipoona sabuni haishiki, akaongeza robo kilo ya chumvi. Hapo ndipo alipoiharibu kabisa.

Chumvi ndiyo inayoifanya ungeroli iliyochanganywa na maji iwe nzito, lakini ina kikomo. Ukiitia kidogo kidogo sabuni huzidi kushika, na ukipitisha kile kikomo hurudi nyepesi, wakati mwingine na ukungu. Kwa hivyo sabuni nyepesi yaweza kuwa imepungukiwa na chumvi au imezidishiwa, na kwa macho huwezi kujua.

Pima hivi. Chota kikombe kimoja cha sabuni, utie kijiko cha maji matamu, ukoroge polepole. Ikizidi kuwa nzito, chumvi ilikuwa imezidi. Ikizidi kulainika, bado yataka chumvi.

Yetu ilishika. Basi tukayeyusha nusu kilo ya ungeroli kwa maji matamu, yote pamoja yakawa lita tano, tukaimimina kwenye zile 20 huku tunakoroga. Tuliongeza ungeroli kwa sababu maji peke yake yangeipunguza nguvu ya kuosha. Tukaiacha mpaka asubuhi povu lishuke, kwani sabuni yenye povu huonekana nzito kuliko ilivyo. Tukapata jerikani tano.

Siku hizi anayeyusha chumvi kando kwa maji, kisha anaitia kikombe kimoja kimoja mwishoni, baada ya rangi na manukato, maana manukato nayo huweza kuilegeza. Ikianza kuchuruzika kwenye mwiko kama asali, anaacha, hata kama chumvi imebaki. Na akilazimika kutumia maji ya kisima, hubaki nyingi.

Mwenye duka alizipokea, ila kwa sharti la karatasi yenye jina na tarehe kwenye kila jerikani. Nami nikamwambia dada asijaze tena kwenye chupa za soda, kwa ajili ya watoto. Kwa duka kubwa bado hajaenda. Huko ataulizwa alama ya KEBS kwanza.