Tamthilia za vijana: Kiingereza kinapomwacha mtazamaji njiani

Huenda umewahi kutazama kwenye simu tamthilia ya vijana wa Nairobi au Dar es Salaam, ukaifuata vizuri mpaka mhusika mmoja akasema neno la Kiingereza, mwenzake akaanza kulia, nawe ukabaki unajiuliza kumetokea nini. Kosa si lako. Mara nyingi ni la aliyeandika maneno ya wahusika.

Kwa nini wanachanganya?

Wataalamu wa lugha huita jambo hili kuchanganya ndimi au kubadili msimbo. Waandishi hufanya hivyo kwa sababu vijana wa mjini ndivyo wanavyoongea. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Kenya mwaka 2010, lilitumia Sheng kwa sababu hiyo hiyo. Isitoshe, kubadili lugha humtambulisha mhusika. Kijana akiongea na mama yake kwa Kiswahili, kisha akapokea simu na kuingia Kiingereza, tunajua bila kuambiwa kwamba aliyepiga ni mtu wa kazini.

Kwa hiyo wingi wa Kiingereza peke yake si tatizo. "Oke, bai, tutaonana" haimpotezi mtu. Swali ni Kiingereza kimekaa wapi katika sentensi.

Neno linalobeba habari

Mtaalamu wa isimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi na kuchapisha kitabu mwaka 1993, alieleza kwamba katika mchanganyiko wa aina hii lugha moja hutoa fremu ya sentensi na nyingine hupachika maneno ndani yake. Chukua sentensi hii, tuliyoiandika jinsi inavyosikika: "Bosi amenisaspendi." Kiswahili kimetuambia nani ametenda, nani ametendewa, na kwamba jambo limekwisha kutokea. Lakini jambo lenyewe liko katika "saspendi". Asiyelijua neno hilo hawezi kujua kama kijana amefukuzwa, amesimamishwa kwa muda au amepandishwa cheo. Ana fremu bila picha.

Neno linalopotosha

Hatari zaidi ni neno ambalo msikilizaji anadhani analijua. Tutoe mfano tuliotunga wenyewe. Asha anatoka kliniki kupima virusi vya Ukimwi. Anamwambia mpenzi wake, "Nimepata rizalti. Ni pozitivu." Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba kuwa pozitivu ni kuwa na mtazamo mzuri, hiyo ni habari njema. Hospitalini maana yake ni kwamba kilichokuwa kinatafutwa kimepatikana, yaani Asha ana virusi. Vivyo hivyo, "negativu" husikika kama habari mbaya, kumbe hapa ni kwamba virusi havikuonekana. Mtazamaji wa namna hiyo hatauliza swali, kwa kuwa anaamini ameelewa. Ataondoka na habari iliyo kinyume kabisa.

Kwenye televisheni uso wa Asha unaweza kusaidia, na maandishi chini ya picha pia, ingawa kwenye simu ndogo hayasomeki kwa urahisi. Sisi wa redio hatuna uso wala maandishi. Tuna sauti tu.

Linavyorekebishwa

Si lazima Asha aongee kama kitabu. Njia ya kwanza ni kuacha Kiingereza kwenye maneno ya pembeni na kusema habari yenyewe kwa Kiswahili: "Rizalti zimetoka, babe. Nina virusi."

Njia ya pili ni kumwacha aseme "pozitivu", kisha mwenzake ajibu kwa maneno yanayofungua maana: "Una virusi? Wamepima mara ngapi?" Hivyo ndivyo mtu aliyeshtuka anavyoweza kuongea, na mtazamaji anapata maana bila kufundishwa. Jibu hilo lazima lije papo hapo. Likichelewa mpaka onyesho linalofuata, aliyepotea amekwisha kujenga hadithi nyingine kichwani.

Wakati mwingine kutoelewa ni kwa makusudi. Ndugu wawili wakiingia Kiingereza ili bibi yao asijue shamba linauzwa, ni sawa mtazamaji akae gizani pamoja na bibi. Lakini maana lazima ifichuliwe baadaye, na bibi aonekane wazi kwamba hakuelewa. La sivyo mtazamaji atadhani ni yeye peke yake aliyeachwa.

Namna ya kupima ni rahisi. Msomee mtu asiyejua Kiingereza onyesho hilo, kisha muulize mambo mawili: kumetokea nini, na mhusika atafanya nini sasa? Usimuulize kama ameelewa, maana wengi hujibu ndiyo kwa heshima tu. Akisema Asha ataenda kusherehekea, mwandishi arudi kwenye meza yake.