Video ndefu za mafunzo: Sura zinaongeza watazamaji au zinawafundisha kuruka?

Kwenye YouTube, mstari wa muda chini ya video nyingi ndefu umekatwakatwa vipande, kila kipande na jina lake. Hivyo vipande ni sura, na YouTube ilivifungulia watumiaji wote mwaka 2020. Watengeneza mafunzo wengi bado wanaviogopa. Wanasema ukimwonyesha mtu mlango wa jibu ataingia, atachukua, ataondoka, na wastani wa muda wa kutazama utashuka.

Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, ila si wote.

Chukua mfano wa somo la Excel la dakika 42. Tuseme watu 100 wanalifungua. Bila sura, 60 wanachoka na utangulizi na kutoka dakika ya 2, na 40 wanatazama dakika 22 kila mmoja. Wastani ni dakika 10.

Sasa sura zinawekwa. Kati ya wale 60, nusu bado wanatoka dakika ya 2, lakini 30 wanaruka hadi sehemu waliyoitafuta na kutazama jumla ya dakika 6. Kati ya wale 40, nusu wanaendelea na dakika zao 22, na nusu wanaruka yasiyowahusu na kuishia dakika 11. Wastani unakuwa dakika 9.

Kwa hiyo namba imeshuka, lakini waliotoka mapema wamepungua kutoka 60 hadi 30. Anayeangalia wastani peke yake atafuta sura na kuwapoteza watu 30 waliopata walichokuja kutafuta. (Na kwa anayetumia bando la kuhesabu, kuruka dakika 18 si uvivu, ni hela.)

Ndiyo maana grafu ya `Audience retention` ndani ya YouTube Studio ina maana kuliko wastani. Video yenye sura mara nyingi huonyesha vilima pale watu wanaporukia au kurudia, na mabonde pale wanaporuka. Bonde kwenye sura moja linamaanisha hiyo sehemu haitafutwi, au imeelezwa vibaya. Kilima kikubwa kinasema sehemu hiyo inastahili video yake fupi.

Kwenye utafutaji

Faida iliyo wazi zaidi iko Google. Chini ya matokeo ya video, Google inaweza kuonyesha `Key moments`, orodha ya sehemu ambazo mtu akibofya anaangukia dakika hiyo moja kwa moja. Google haiahidi kwamba orodha itatokea. Pia inaweza kuitengeneza yenyewe hata kama mwenye video hakuandika kitu, na YouTube nayo ina sura za kiotomatiki. Tofauti ni kwamba ukiandika mwenyewe, majina ni yako.

Na majina ndiyo wengi wanakoharibu. "Sehemu ya 4" haimwambii chochote mtu anayetafuta. Anayehangaika na fomula huandika lile kosa analoliona kwenye skrini, basi sura iitwe hivyo hivyo:

```
0:00 Tutakachofanya
1:40 Kupanga data kwenye jedwali
9:15 Kuandika VLOOKUP
18:30 VLOOKUP ikileta #N/A
27:05 Kutumia XLOOKUP badala yake
```

Orodha hii inawekwa kwenye maelezo ya video. Lazima ianze na 0:00, iwe na sura zisizopungua tatu, muda upande kwa mpangilio, na kila sura iwe na sekunde 10 au zaidi. Ukisahau 0:00 tu, zote hazitokei. Njia rahisi ya kujua ni kufungua video kwenye simu: mstari ukiwa mzima bila mikato, kuna kosa. Kama orodha iko sawa na bado hakuna kitu, angalia kama chaneli ina onyo linaloendelea, maana hilo nalo linaweza kuzuia sura.

Kupima

Kulinganisha video mpya yenye sura na ya zamani isiyo nazo hakusaidii, kwa sababu mada na umri ni tofauti. Afadhali kuchukua somo la zamani ambalo watazamaji wake hawapandi wala kushuka sana, kuongeza sura bila kugusa kichwa wala picha ya jalada, kisha kulinganisha siku 28 za kabla na 28 za baada. Acha somo lingine linalofanana bila kuligusa. Yote mawili yakipanda pamoja, pengine ni msimu wa mitihani tu, si sura.

Kwenye vyanzo vya watazamaji, wanaotoka Google wanahesabiwa ndani ya `External`, si `YouTube search`. Anayetafuta athari ya `Key moments` aanzie hapo, halafu atenganishe grafu ya waliojiunga na chaneli na ya wasiojiunga. Waliojiunga mara nyingi hutazama kwa mfululizo, na kwao sura hubadilisha kidogo. Wanaokuja na swali moja ndio wanaoruka.