Nakisi ya biashara na akiba ya taifa: hesabu moja, na mfano wa Oman baada ya 2014

Kila bei ya mafuta inapoanguka, barzani husikia maneno yale yale: nchi imeingia kwenye nakisi kwa sababu watu wananunua mno vitu vya nje. Mchele wa India, magari ya Japani, simu za China, kila kimoja hupata lawama yake. Nilikuwa nikiamini hivyo pia, mpaka nilipokaa na kuifanya hesabu yenyewe kwa kalamu na karatasi. Nakisi ya biashara na upungufu wa akiba ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. Ukilijua hilo, habari za uchumi wa nchi hii husomeka kwa namna nyengine kabisa.

Tuanze na pato la taifa, yaani thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini katika mwaka. Kila kilichozalishwa lazima kiwe kimekwenda mahali. Kimetumiwa na watu majumbani, au kimetumiwa na serikali, au kimewekezwa, au kimeuzwa nje. Na kwa kuwa katika matumizi yetu mumo vitu tulivyovinunua nje, hivyo tunavitoa. Vitabu huandika hivi:

```
Y = C + G + I + NX
```

Y ni pato, C ni matumizi ya watu, G ni matumizi ya serikali, I ni uwekezaji, na NX ni mauzo ya nje ukitoa manunuzi kutoka nje. Uwekezaji hapa si kununua hisa wala kununua nyumba ya zamani ya jirani. Ni kujenga kitu kipya: nyumba, bandari, kiwanda, mtambo, barabara. Hata bidhaa zilizobaki ghalani bila ya kuuzwa huhesabiwa humo, na ndiyo maana hesabu hii haikosi kulingana mwisho wa mwaka.

Sasa hamisha C na G upande wa pili. Pato ukitoa walichokula watu na serikali ndiyo akiba ya taifa, tuiite S. Kinachobaki ni hiki:

```
NX = S - I
```

Nchi ikiweka akiba kuliko inavyowekeza, ziada huenda nje. Ikiwekeza kuliko ilivyoweka, upungufu hujazwa na watu wa nje, kwa mkopo au kwa kuuziwa mali. Hakuna njia ya tatu.

Nitafanya mfano kwa nchi ya kubuni inayoishi kwa mafuta. Pato lake ni 100. Watu wanatumia 60, serikali 15, uwekezaji ni 20. Jumla ni 95, kwa hiyo 5 zimekwenda nje. Tuseme zimeuzwa nje bidhaa za 50 na zimenunuliwa za 45. Akiba ni 100 ukitoa 60 na 15, yaani 25. Toa uwekezaji wa 20, unapata ile 5. Hesabu imekubali.

Bei ya mafuta ikaanguka. Mauzo ya nje yakashuka kutoka 50 hadi 30, na pato likashuka hadi 80. Watu wakabana kidogo, matumizi yao yakawa 58, na tuseme zile 2 walizoacha zote ni vitu vya nje, kwa hiyo manunuzi kutoka nje yakapungua hadi 43. Serikali haikukata mshahara wa mtu, imebaki na 15. Miradi inaendelea, uwekezaji ni 20. Sasa mauzo ya 30 ukitoa 43 ni nakisi ya 13. Tazama upande wa akiba: 80 ukitoa 58 na 15 ni 7, na 7 ukitoa 20 ni nakisi ya 13 vile vile.

Hapa pana jambo la kutazamwa. Katika nchi hii hakuna aliyezidisha safari za dukani. Manunuzi kutoka nje yamepungua, na nakisi imetokea. Kilichoanguka ni akiba. Na ukiipasua akiba unaona imeanguka kwa nani. Tuseme serikali ilikuwa ikipata 20 na kutumia 15, hivyo ikiweka 5, na watu wakiweka 20. Baada ya bei kushuka serikali inapata 4 tu na bado inatumia 15, kwa hiyo iko chini kwa 11, na watu wanaweka 18. Anguko karibu lote liko katika hazina ya serikali.

Mfano huo haukutoka hewani. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100, na Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Serikali ya Oman ilikuwa ikipata zaidi ya robo tatu ya mapato yake kutokana na mafuta na gesi, ilhali mishahara, ruzuku na miradi haikuweza kushuka kwa kasi ile. Nakisi ya bajeti ya 2016 ilifika karibu riyali bilioni 5.3. Riyali yenyewe, iliyofungwa kwa dola tangu 1986 kwa kiwango cha riyali 0.3845 kwa dola moja, haikushuka thamani kuwafanya watu wapunguze vitu vya nje. Basi pengo lilibidi lijazwe kwa fedha: akiba za serikali zilizowekwa miaka ya neema zikachotwa, na Juni 2016 Oman ikauza hati fungani za dola bilioni 2.5 katika soko la kimataifa. Deni la serikali, lililokuwa dogo sana mwaka 2014, lilizidi asilimia 60 ya pato kufikia 2020.

Lakini mwenye jicho kali atauliza suali: mbona mwaka 2016 Oman bado iliuza nje bidhaa za thamani kubwa kuliko ilizoingiza? Ni kweli, kwenye bidhaa peke yake kulikuwa na ziada. Ziada hiyo ikaliwa na huduma, kama usafirishaji, bima na safari za nje. Juu yake ikaja fedha ambayo wafanyakazi wa kigeni hupeleka makwao, na katika miaka ile ilikuwa karibu riyali bilioni 4 kwa mwaka. Ndiyo maana kwa nchi za Ghuba haitoshi kutazama NX. Inabidi kutazama urari wote wa malipo ya kawaida, ambao unaongeza mapato ya mitaji na fedha zinazotumwa. Kanuni haivunjiki. Upande wa kulia unachukua akiba iliyohesabiwa baada ya fedha hizo kutoka, na upande wa kushoto urari huo unachukua nafasi ya NX. Mimi naona kosa kubwa la magazeti yetu ni kuchanganya vitu hivi viwili katika aya moja.

Turudi kwa wale wa barzani wanaotaka mlango wa bidhaa ufungwe. Tuseme serikali ikataze tende za nje. Je, nakisi itapungua? Mwenye nyumba aliyekuwa akitoa riyali 5 kwa tende hizo atafanya nini na fedha yake? Akinunua biskuti za nje, hakuna kilichobadilika. Akinunua tende za Nizwa ambazo zingeuzwa nje, mauzo ya nje yamepungua kwa kiasi hicho hicho. Ni pale tu anapoziweka zile riyali 5, au wakulima wanapozalisha zaidi na kuweka walichokipata, ndipo urari unapokuwa bora. Marufuku isiyogusa akiba wala uwekezaji huhamisha nakisi kutoka rafu moja ya duka kwenda nyengine.

Hata hivyo kanuni hii ina mpaka wake, na wapo wanaoivuta kupita pale. Inasema pande mbili zitakuwa sawa. Haisemi upande upi umeusukuma mwenzake. Marekani ya miaka ya 1980 ilikuwa na nakisi ya bajeti na nakisi ya biashara kwa pamoja, watu wakaziita pacha. Kisha mwaka 1998 bajeti ya Marekani ikawa na ziada, ikabaki hivyo mpaka 2001, na nakisi ya biashara badala ya kufungika ikazidi kupanuka. Serikali ilikuwa ikiweka, lakini makampuni yalikuwa yakiwekeza kwa nguvu na majumba yakiweka kidogo. Ukitazama bajeti peke yake utadanganyika.

Wala si kila nakisi ni ugonjwa. Norway katika miaka ya 1970 ilikuwa na nakisi kubwa, mwaka 1977 ilizidi asilimia 10 ya pato. Ilikuwa ikijenga mitambo ya mafuta baharini. Katika kanuni yetu I ndiyo iliyopanda, na mafuta yaliyotoka baadaye yalilipa deni. Kwa hiyo unapoambiwa nchi ina nakisi, tafuta namba mbili, akiba na uwekezaji kwa asilimia ya pato, na uzitazame kwa miaka minne au mitano mfululizo. Ikiwa uwekezaji umepanda na akiba imesimama, uliza kinachojengwa kitaleta fedha za kigeni au la. Ikiwa akiba imeanguka na uwekezaji umesimama, nchi inakula deni. Oman baada ya 2014 ilikuwa karibu zaidi na hali hii ya pili, ingawa miradi mikubwa kama Duqm ilikuwa ikiendelea pia.

Marekebisho yaliyokuja yanasomeka vizuri kwa kanuni hii. Januari 2016 bei ya petroli iliachwa ifuate soko, na Aprili 2021 ikaja kodi ya thamani ya asilimia 5. Nyingi ya familia zetu ziliyaona hayo kama maudhi ya bajeti tu, na kweli yaliuma, lakini yaligusa akiba ya taifa, basi yaligusa na urari. Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipopanda, bajeti ilimaliza mwaka na ziada ya zaidi ya riyali bilioni 1, urari wa malipo ukawa na ziada, na serikali ikalipa sehemu ya deni kabla ya wakati wake.

Limebaki suali ninaloulizwa sana na jamaa: je, fedha tunayopeleka Unguja inahesabiwa vipi? Inategemea imekwenda kufanya nini. Ukimtumia shangazi fedha ya chakula na dawa, hiyo ni fedha iliyotoka bila ya kurudi, inapunguza akiba ya Oman na kuongeza nakisi yake. Lakini ukijenga nyumba yako mwenyewe Fuoni, hiyo ni mali yako iliyoko nje. Akiba ya Oman haikupungua, imewekwa ugenini tu, na kwa upande wa Tanzania ni akiba ya mgeni iliyosaidia kulipia uwekezaji wa kule. Tabu ni kwamba wakala wa kutuma fedha hawezi kujua ipi ni ipi, na kwenye takwimu mara nyingi ya shangazi na ya nyumba huingia kapu moja.